Kadi ya Kliniki Iliyotoka Handeni: Namna ya Kuisoma



Mama mmoja wa Pemba alinijia baada ya Alasiri akiwa na simu mkononi. Binti yake ameolewa Handeni na ana mimba ya pili. Alikuwa ametuma picha ya kadi ya kliniki na swali moja: "Mama, naweza kupanda boti Tanga nije kujifungulia nyumbani?" Mama alitaka jawabu la safari. Nikamwambia jawabu limo ndani ya kadi, na kwa kuwa mimi si tabibu, tukampigia simu mkunga mstaafu wa mtaani kwetu na kumsomea mstari kwa mstari.

Juu ya kadi paliandikwa G2 P1. G ni idadi ya mimba pamoja na hii ya sasa, na P ni mara alizokwisha kuzaa. Chini yake LNMP 3/2/2025, yaani siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hapa wanawake wengi hukosea, kwani hutaja siku waliyotoharika, na hesabu yote inasogea kwa wiki nzima. Anayeandika siku za hedhi kwa ajili ya kulipa saumu zake anayo tarehe sahihi tayari, aipeleke hiyo.

Kisha EDD 10/11/2025, siku ya kutarajia kujifungua. Hupatikana kwa kuongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3, na jumla yake ni wiki 40. Si ahadi. Wengi hujifungua wiki mbili kabla au baada yake.

Katika jedwali, kila hudhurio lina mstari wake. Yeye alikuwa na manne: 14/4, 30/6, 25/8 na 6/10, yaani wiki ya 10, 21, 29 na 35. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8, na mengi kati ya hayo ni ya miezi ya mwisho. Sababu yake ilionekana wazi kwenye kadi hii.

Kimo cha mimba, FH, kilikuwa 21, kisha 28, kisha 33. Baada ya wiki ya 20, sentimita za kimo hukaribiana na wiki za mimba. Tofauti ya moja au mbili haina neno. Ikifika tatu au zaidi, muulize mkunga. Hapo palikuwa salama.

Lakini BP, yaani presha, ilisomeka hivi: 108/66, 110/70, 118/74, halafu 142/92. Mkunga akanikatiza: "Angalia safu ya albumini." Mara tatu iliandikwa hasi, na mara ya mwisho alama ya +. Albumini ni protini kwenye mkojo. Presha ikifika 140 juu au 90 chini baada ya wiki ya 20, hupimwa tena ili kuthibitisha. Ikiandamana na protini, huo ndio ugonjwa unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mgonjwa anaweza asihisi chochote. Binti huyu alihisi uso umevimba tu, akadhani ni uchovu.

Pembeni, kwa herufi ndogo, paliandikwa: "Rufaa Korogwe." Maana yake, zahanati imempeleka hospitali. Siku tatu zilikuwa zimepita. Yeye na mumewe walikuwa wakiitazama safu ya tarehe ya kurudi, wakisubiri ifike.

Basi jawabu la safari likawa: asipande boti, aende Korogwe leo hii, na kadi yake mkononi. Alikwenda. Alilazwa, akapewa dawa za presha na kuangaliwa kila siku, na tarehe 20/10, wiki ya 37, akazalishwa. Dawa hushusha presha, lakini ugonjwa wenyewe huanza kuondoka baada ya mtoto na kondo kutoka, na hata baada ya hapo mama huendelea kupimwa kwa siku kadhaa. Alhamdulillah, wote wawili wazima.

Dalili zisizosubiri tarehe ya kadi ni hizi: kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, degedege, kutokwa na damu, au mtoto kupunguza kucheza. Ikitokea mojawapo, hospitali papo hapo, hata usiku, na mume asingojewe kutoa ruhusa. Kuokoa nafsi kunatangulia.

Jambo la mwisho ni la amana. Kadi hiyo ina majibu ya vipimo vya damu, ikiwemo sehemu ya PMTCT inayohusu virusi vya ukimwi. Ukipiga picha, funika sehemu hiyo kwa kidole au karatasi, na usiitume kwenye kundi la familia. Na aliyetumiwa, asiisambaze. Siri ya mgonjwa ni amana, na picha haifanyi kazi ya mkunga: kadi yenyewe ndiyo inayopelekwa hospitali.

Wallahu aalam.