Bonasi ya Kumleta Mwenzako Kazini

Baadhi ya kampuni humpa bonasi mfanyakazi aliyependekeza mtu akaajiriwa. Tuseme kampuni moja Nairobi inatafuta mhasibu, na bonasi ni shilingi 30,000.

Karani wa stoo hupeleka jina la jirani yake kabla jirani mwenyewe hajatuma maombi. Likichelewa, hakuna malipo. Meneja atakayemsimamia mhasibu, maafisa wa rasilimali watu na wanajopo wa mahojiano hawastahili bonasi, maana wangelipwa kwa uamuzi wao wenyewe.

Jirani akiajiriwa, karani hupata 10,000 mshahara wa kwanza unapotoka, na 20,000 jirani akithibitishwa kazini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka muda wa majaribio usizidi miezi 6, ingawa unaweza kuongezwa kwa makubaliano. Jirani akiacha kazi mapema, sehemu ya pili haitoki.

Upendeleo hupenya pale nafasi isipotangazwa. Ndiyo maana tangazo hutolewa kwa wote, karani hueleza uhusiano wao kwa maandishi, na jopo hutoa alama bila kujua nani kamleta nani. Idara moja ikianza kujaa watu wa ukoo mmoja, mkaguzi ana sababu ya kufungua majalada.