Tarehe ku pakiti ya chakula: kwanza ujue inchi gani



Ku Kasomeno, pale barabara ya Lubumbashi inapoachana kwenda Kasenga na Pweto, koperative nyingi ziko na magazini ndogo. Mu makartoni munakuwa pakiti za tambi zenye maandishi ya Asia tu. Namba tunazisoma, maneno hapana. Shida ni hii: tarehe moja inaweza kuwa siku ya kutengenezwa ao siku ya mwisho, kufuatana na inchi.

Tuchukue pakiti moja. Imeandikwa 20250410. Kule wanaanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku: ni tarehe 10 mwezi wa 4, 2025. Tuseme tuko mwezi wa 11, 2025. Je, imeisha?

Angalia maandishi. Ukiona viduara kama "o" ndani ya alama, na nafasi katikati ya maneno, ni Korea. Kama kuna alama nzito zenye mistari mingi, zimechanganyika na zingine nyepesi zenye kupinda, ni Japani. Zikiwa zote nzito, kila moja inajaza kama kisanduku chake, bila viduara, ni Kichina.

Halafu hakikisha ku mistari myeusi ya kodi-bare. Namba za China zinaanza na 690 mpaka 699, za Japani 45 ao 49, za Korea 880. Taiwan wanaandika alama nzito vilevile, lakini wao ni 471. Namba hizo zinaonyesha kwenye kampuni ilijiandikisha, haziapi kama chakula kilitengenezwa palepale. Kwa hiyo tafuta pia herufi SC zenye kufuatwa na namba 14: njo ruhusa ya kiwanda cha China.

Pakiti yetu iko na alama nzito tupu, 692 na SC. Ni ya China. Kule, kwa desturi, wanaandika siku ya kutengenezwa, na pembeni muda wa kukaa. Tunatafuta tena, tunaona 12 na alama ya mwezi, yenye kufanana na ngazi ndogo ya miguu miwili. Basi itafika mpaka mwezi wa 4, 2026. Ingekuwa ya Japani ao Korea, tarehe ya peke yake kwa kawaida ni ya mwisho: ingekuwa imepita miezi saba.

Pakiti zingine za China zinaandika tarehe mbili. Hapo ile ya nyuma njo mwisho.

Kama maandishi na kodi-bare havipatane, ao muda wa kukaa hauonekane, usihesabu kwa kubahatisha. Rudisha kartoni kwa muuzaji mbele ya kulipa. Na pakiti iliyovimba ao bwate iliyojaa hewa, hata tarehe ikiwa nzuri, usiiuzishe.