Asilimia ya mteremko

Asilimia ya mteremko ni namba inayoonyesha ukali wa mteremko wa barabara, paa, mfereji au ardhi. Hupatikana kwa kugawanya kimo (tofauti ya urefu wa kwenda juu kati ya nukta mbili) kwa umbali mlalo kati ya nukta hizo, kisha kuzidisha kwa 100. Kibao cha barabarani chenye maandishi 8% maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 za umbali mlalo, barabara hupanda au hushuka mita 8.

Asilimia si sawa na nyuzi za pembe. Mteremko wa 100% si ukuta uliosimama wima: kimo kinalingana na umbali mlalo, kwa hiyo pembe yake ni nyuzi 45. Mteremko ukizidi hapo, asilimia hupita 100, na kadiri unavyokaribia wima ndivyo asilimia inavyokua bila kikomo.

## Kubadilisha asilimia kuwa pembe

Kimo, umbali mlalo na mshazari wenyewe hufanya pembetatu mraba. Kimo kugawanya kwa umbali mlalo ni tanjenti ya pembe ya mteremko. Kwa hiyo asilimia hugawanywa kwanza kwa 100, kisha hutafutwa pembe yenye tanjenti hiyo:

```
pembe = tan⁻¹(asilimia ÷ 100)
asilimia = 100 × tan(pembe)
```

Kikokotoo lazima kiwe kwenye hali ya nyuzi. Kwa mteremko wa 30% jibu sahihi ni nyuzi 16.7, kikionyesha 0.291, kinahesabu kwa radiani. Katika jedwali la kompyuta fomula ni:

```
=DEGREES(ATAN(0.3))
```

Kwa miteremko midogo ipo njia ya haraka: zidisha asilimia kwa 0.573. Barabara ya 8% hupata nyuzi 4.58, na jibu kamili ni 4.57. Njia hii hupotoka kadiri mteremko unavyokuwa mkali. Kwa 100% ingetoa nyuzi 57.3 badala ya 45.

## Mfano wa paa

Nyumba ina upana wa mita 8, na paa lake lina pande mbili zinazokutana katikati. Mgongo wa paa uko mita 1.2 juu ya usawa wa kuta. Umbali mlalo wa kila upande ni nusu ya upana, yaani mita 4. Mteremko ni 1.2 ÷ 4 = 0.3, au 30%, sawa na nyuzi 16.7. Urefu wa mbao ya mshazari, bila kuhesabu sehemu inayotokeza nje ya ukuta, ni kipeuo cha pili cha (4² + 1.2²), yaani karibu mita 4.18.

Makosa mawili hutokea mara kwa mara. La kwanza ni kugawanya kimo kwa upana wote wa nyumba. Hapo hupatikana 15%, na paa huonekana limelala zaidi kuliko lilivyo. La pili ni kusoma 30% kama nyuzi 30. Fundi akijenga kwa nyuzi 30, mgongo utapanda hadi mita 2.31, na kila mbao ya mshazari itahitaji mita 4.62. Mbao na mabati yaliyonunuliwa kwa hesabu ya 30% hayatatosha.

Paa lililokwisha kujengwa hupimwa kwa pima maji yenye urefu wa mita 1. Ncha moja huwekwa juu ya paa, ncha inayoelekea chini huinuliwa hadi kiputo kikae katikati, kisha hupimwa wima kutoka ncha hiyo hadi kwenye paa. Kwa kuwa umbali mlalo ni sentimita 100, idadi ya sentimita zilizopimwa ndiyo asilimia yenyewe.

## Mahali pa kupimia barabara

Kwenye kona, upande wa ndani ni mfupi kuliko upande wa nje ingawa kimo ni kilekile, hivyo asilimia hutegemea mstari uliopimwa. Mwaka 2019 rekodi za Guinness ziliitaja Ffordd Pen Llech, iliyoko Harlech huko Welisi, kuwa barabara yenye mteremko mkali zaidi duniani, kwa 37.45%. Mwaka 2020 rekodi ilirudishwa kwa Baldwin Street ya mji wa Dunedin, Nyuzilandi, baada ya kuamuliwa kwamba kipimo kifuate mstari wa katikati ya barabara. Kwa kipimo hicho Baldwin Street, ambayo imenyooka, ina 34.8% (nyuzi 19.2), na Ffordd Pen Llech, yenye kona, ina 28.6% (nyuzi 16).