Mfuko wa Nane

Saa kumi alfajiri, tanuri la kuni likiwa limeshika moto, swali katika kiwanda kidogo cha mikate ni moja: leo tukande mifuko mingapi ya unga? Muuzaji anataka kumi, kwa sababu madukani mikate haibaki. Mtunza hesabu anasema sita inatosha, kwa sababu hapo kila mfuko unalipa vizuri zaidi. Wote wawili wanakosea, na hesabu ya nusu ukurasa inatuonyesha wanakosea kwa shilingi ngapi.

Tuuchukue mfano huu kwa namba zake. Mikate inayotoka kwenye mfuko mmoja inauzwa shilingi 150,000. Pango na mlinzi ni shilingi 20,000 kwa siku, tanuri liwashwe lisiwashwe. Gharama nyingine hupanda na kushuka kufuata kazi. Mfuko wa kwanza ni ghali, kwani tanuri zima linapashwa moto kwa ajili ya mikate michache. Inayofuata inatumia joto lile lile na mikono ile ile, kwa hiyo kila mfuko unaoongezwa unagharimu kidogo kuliko uliotangulia. Baadaye mambo yanageuka: tanuri limejaa, unga uliokandwa unasubiri zamu hadi unaumuka kupita kiasi, vibarua wanadai malipo ya ziada, na mikate inaungua kwa haraka ya kazi.

Gharama inayoshuka kisha ikapanda namna hii huandikwa vizuri kwa fomula yenye kipeo cha tatu. Tuiite idadi ya mifuko m, na faida ya siku F, ikihesabiwa kwa maelfu ya shilingi. Tuseme daftari la kiwanda limetupa polinomia hii:

F = −m³ + 12m² − 21m − 20

Hatua inayofuata ni kuitofautisha. Kwa kila sehemu, kizidishe kipeo na namba iliyo mbele yake, kisha upunguze kipeo kwa moja. Namba iliyosimama peke yake, yaani ile 20 ya pango na mlinzi, inafutika. Tunapata:

F′ = −3m² + 24m − 21

F′ ni mteremko wa faida. Ikiwa chanya, kuongeza unga kunakuza faida. Ikiwa hasi, kunaipunguza. Juu kileleni faida haipandi wala haishuki, kwa hiyo F′ ni sifuri. Tukigawanya yote kwa −3, tunabaki na m² − 8m + 7 = 0, yaani (m − 1)(m − 7) = 0. Basi m ni 1 au 7.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kudhani kila sifuri ni kilele. Pima pande zote mbili. Mfuko 6 unatoa F′ = 15, na 8 unatoa −21: faida ilikuwa inapanda, sasa inashuka, kwa hiyo 7 ni kilele. Kwenye 1 ni kinyume: 0 inatoa −21 na 2 inatoa 15. Hilo ni bonde, na anayeoka mfuko mmoja anapata hasara ya shilingi 30,000, zaidi ya yule aliyefunga mlango.

Sasa turudi kwa wabishani wetu. Mifuko 7 inaleta faida ya shilingi 78,000. Mifuko 6 inaleta 70,000. Ni kweli faida kwa kila mfuko hapo ni kubwa kidogo, kama 11,700 dhidi ya 11,100, lakini mtunza hesabu ameacha mezani shilingi 8,000. Muuzaji naye, kwa mifuko 10, anauza mikate ya 1,500,000 na kufunga siku na hasara ya 30,000. Mfuko wa nane tu unagharimu 160,000 ili kuleta 150,000.

Jibu hili lina mipaka yake. Kama tanuri linabeba mifuko 5 tu, usiitafute 7: kwenye 5 mteremko ungali chanya, kwa hiyo oka 5 zote. Wala usiiamini fomula kwa idadi ya mifuko ambayo daftari halijawahi kuiandika.

Na mwenye nyumba akipandisha kodi, pango na mlinzi vikawa 35,000? Wengi wangekimbilia kuoka zaidi ili kufidia. Lakini tumeona namba hiyo inafutika tunapotofautisha. Mteremko haujaguswa, kilele bado ni 7, ila faida imeshuka hadi 63,000. Anayeongeza mfuko wa nane kulipia kodi mpya anapoteza 10,000 nyingine juu ya ile kodi.