Siku ya Tatu Wodini: Selimundu Inapohamia Kifuani

Tuseme kijana wa miaka 19 mwenye selimundu amelazwa Jumatatu usiku kwa maumivu makali ya mapaja na mgongo. Kifua hakina neno. Hakohoi, hana homa, picha ya eksirei ni safi, na kile kifaa kinachobana kidole kinasoma oksijeni asilimia 97. Anatundikiwa dripu, anachomwa mofini, na ndugu wanarudi nyumbani wakiwa na ahueni. Jumatano jioni analalamika kuwa mbavu zinamchoma. Anapumua juu juu, mara 30 kwa dakika, joto limefika 38.6, na kidole sasa kinasoma 89. Eksirei ya pili ina doa jeupe chini ya pafu la kulia.

Doa jipya kama hilo, likiandamana na homa au dalili za kifua, ndilo linalowafanya madaktari waseme selimundu imeshambulia mapafu. Shambulio hili ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vya wenye ugonjwa huu. Kijana wetu ni wa mfano tu, lakini njia aliyopita imeandikwa vizuri. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulifuatilia mashambulio 671 katika vituo 30. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wamelazwa kwa sababu nyingine, hasa maumivu, na kifua kikafuata baada ya wastani wa siku mbili na nusu. Yaani tatizo liliwakuta wakiwa tayari kitandani, mbele ya wauguzi.

Maumivu ya paja yanafikaje kwenye pafu? Chembe nyekundu zilizopinda huziba mishipa midogo ndani ya mfupa, na uboho uliokosa damu hufa. Mafuta yake huvuja, huingia kwenye mshipa na kusafiri hadi mapafuni, ambako huziba njia na kuunguza kuta laini. Njia nyingine ni maambukizi ya bakteria au virusi, na hii ndiyo ya kawaida kwa watoto. Ya tatu haina makuu: mbavu zinauma, mgonjwa anaogopa kuvuta pumzi ndefu, na sehemu za chini za pafu zinajikunja. Mofini ikizidi, pumzi hupungua zaidi. Njia yoyote itakayoanza, oksijeni hushuka, na oksijeni ikishuka chembe nyingi zaidi hupinda na kuziba mishipa ya pafu lenyewe. Ndiyo maana hali inaweza kuharibika katika saa chache.

Kuitambua kuna mitego. Mtoto mara nyingi huja na homa na kikohozi, akaonekana ana nimonia ya kawaida; mtu mzima hulalamikia zaidi kifua na kukosa pumzi, pengine bila homa. Eksirei ya mwanzo inaweza kuwa safi, kwa hiyo ikipigwa siku ya kulazwa haimlindi mtu siku ya tatu. Ndugu aliye kando ya kitanda anaweza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, na zikizidi za asubuhi amwite muuguzi bila kungoja daktari apite.

Turudi kwa kijana. Anapewa oksijeni, na dawa mbili za kuua vijidudu: seftriaksoni, na azithromaisini kwa vile vijidudu ambavyo ya kwanza haivigusi. Maumivu yanaendelea kutulizwa, ila kwa kipimo kinachomwacha macho. Dripu inapunguzwa. Hapa wengi hushangaa, maana mgonjwa wa selimundu huambiwa kila siku anywe maji kwa wingi. Lakini pafu lililojeruhiwa hujaa maji upesi. Hemoglobini yake, ambayo kwa kawaida ni 8, imeshuka hadi 6, hivyo anaongezewa damu kwa tahadhari isivuke 10, kwani ikizidi damu huwa nzito. Oksijeni ikiendelea kushuka, damu yake itatolewa kidogo kidogo na kubadilishwa na ya wachangiaji. Kazi hiyo inahitaji damu nyingi inayolingana na yake, na si kila hospitali inaiweza.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Kuna chombo cha plastiki chenye kipira kinachopanda mgonjwa anapovuta pumzi kwa nguvu. Jaribio dogo la mwaka 1995, kwa wagonjwa waliolazwa kwa maumivu ya kifua au mgongo, liliwataka wavute mara 10 kila baada ya saa mbili mchana. Kati ya vipindi 19 vya waliokitumia, pafu liliharibika mara moja. Kati ya 19 vya wasiokitumia, mara nane. Kwa kinga ya muda mrefu kuna haidroksiurea, ambayo katika jaribio lingine la mwaka huohuo ilipunguza mashambulio ya kifua kwa karibu nusu. Kijana wetu, akipona, ataanzishiwa dozi ndogo ya kila siku na kupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe.