Mbio Fupi za Kilimani kwa Anayetaka Kupunguza Mafuta

Mbio fupi za kilimani ni kukimbia kwa nguvu karibu zote kwa sekunde 10 hadi 20 kupanda mwinuko, kisha kushuka kwa kutembea na kurudia. Mwinuko hupunguza urefu wa hatua na kishindo cha mguu, hivyo misuli ya nyuma ya paja huwa salama zaidi kuliko kwenye tambarare. Mzigo huhamia shavu la mguu na kano ya kisigino. Unaofaa hupanda mita 6 hadi 10 kwa kila mita 100. Ukizidi hapo, mbio hugeuka kuwa kukwea.

Mapumziko ndiyo wengi huyakosea. Nguvu ya mwanzo hutoka kwenye akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli, ambayo huisha kwa sekunde chache na huhitaji dakika kadhaa kujaa tena. Kwa hiyo mapumziko huwa mara sita ya muda wa mbio au zaidi: sekunde 20 za kukimbia, dakika mbili za kushuka taratibu. Anayepumzika nusu dakika hutoka jasho jingi, lakini mbio zake za nne ni mchakamchaka tu.

Mfano ni mtu wa kilo 75 ambaye tayari hukimbia nusu saa mara tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza hupasha misuli moto kwa dakika 10, kisha hukimbia mara nne kwa sekunde 10. Kila wiki huongeza mzunguko mmoja au sekunde chache, si vyote viwili, hadi afike mara nane za sekunde 20. Hapo zoezi zima huchukua kama dakika 30. Huweka jiwe pale mbio za kwanza zilipoishia. Akipungukiwa na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umbali huo, siku hiyo imekwisha, hata kama hesabu haijatimia.

Kiwango cha wiki ni mara mbili, zikipishana kwa angalau saa 48. Mara tatu ni kwa waliozoea miezi kadhaa. Kisigino kinachokakamaa asubuhi kitandani ni dalili ya kupunguza mara moja.

Kuhusu mafuta, sifa nyingi zimetiwa chumvi. Mwili huendelea kutumia nishati baada ya zoezi, lakini kiasi hicho ni kidogo. Zoezi zima huunguza takriban kilokalori 250, ambazo chapati moja kubwa ya mafuta huzirudisha. Faida yake ni kuokoa muda, kwa kuwa matokeo hukaribiana na ya mazoezi marefu ya wastani. Bila kupunguza chakula, kitambi hupungua kidogo tu.

Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu aonane na daktari kwanza. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu aache papo hapo na kwenda hospitali.