S_1 imekwenda wapi?

Programu ya mauzo imeandikwa kwa Java, data zake zimo ndani ya PostgreSQL. Kwenye majaribio haina kasoro. Wateja wakizidi, maombi mengine yanapita na mengine yanagoma, na seva inalalamika hivi:

```
ERROR: prepared statement "S_1" does not exist
```

Mtu huweza kudhani kuna kitu kimefutwa. Hakuna.

PostgreSQL huanzisha mchakato wake kwa kila muunganisho, na kwa kawaida hukubali 100 tu. Ndiyo maana huwekwa PgBouncer katikati, ili wateja mamia washirikiane miunganisho michache, tuseme 20. Katika hali ya muamala, unashika muunganisho mpaka muamala wako uishe, kisha anapewa mwingine.

Kauli iliyoandaliwa ni swali ambalo hifadhidata imelichambua mara moja na kulipa jina. Baadaye unataja jina na kutuma thamani mpya tu. Lakini jina hilo linajulikana kwa mchakato uliolipokea peke yake. Mchakato wa jirani haujawahi kulisikia.

Sasa tazama pgJDBC, kiunganishi cha Java. Swali lilelile likirudiwa, mara nne za kwanza hulituma bila jina. Mara ya tano hulibatiza S_1. Tuseme hilo limetokea kwenye muunganisho A. Mara ya sita A yuko kwa mteja mwingine, PgBouncer inatoa B, na programu inaagiza S_1 itekelezwe. B hana S_1. Kwenye majaribio mtumiaji ni mmoja, kila mara anarudishiwa A, basi kosa linajificha. Kosa linalosubiri marudio kadhaa na msongamano ndipo litokee, lichunguze hapa kwanza.

Wakati mwingine mteja wa pili naye anataka kuandaa S_1 yake kwenye A, anaambiwa `already exists`. Kibaya zaidi ni B kuwa na S_1 ya mtu mwingine: swali lisilo lako linaweza kutekelezwa bila kosa lolote kuonekana. Afadhali programu igome kuliko hayo.

Dawa ya zamani ni kuongeza `prepareThreshold=0` kwenye anwani ya muunganisho, ukubali maswali yachambuliwe upya kila mara. Tangu toleo 1.21 la mwaka 2023, PgBouncer yenyewe inaweza kukumbuka kauli za kila mteja, na kuiandaa upya kwenye B kabla ya kuitekeleza:

```
max_prepared_statements = 200
```

Hiyo ndiyo ningeanza nayo, kwa sharti moja. PgBouncer hufuatilia kauli zinazoandaliwa na kiunganishi kupitia itifaki. Ukiandika mwenyewe `PREPARE` na `EXECUTE` ndani ya SQL, haizioni. Programu ya namna hiyo iachiwe `pool_mode = session`.